Maneno yaliyoshikana kwa kukosa nafasi: ukate kwa mkono, kwa neno refu kwanza, au kwa uzito wa marudio?

Kitufe cha nafasi cha kompyuta mpakato yangu kilikufa nikiwa katikati ya kuchapa katiba mpya ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na kwa kuwa nilikuwa nasoma karatasi iliyoandikwa kwa kalamu bila kuinua macho, niligundua baada ya kurasa sita. Karatasi ile ilikuwa imekwisha kurudishwa kwa mwenyewe. Kilichobaki mbele yangu kilikuwa mistari ya namna hii:

```
kilamwanachamaanahakiyakukopanakulipakwawakati
```

Msomaji wa Kiswahili huhitaji muda mfupi tu kuona kwamba mstari huo unasema "kila mwanachama ana haki ya kukopa na kulipa kwa wakati". Lakini kurasa sita za mistari kama hiyo ni kazi ya siku nzima, na ndipo nilipoanza kulinganisha njia tatu za kuyakata maneno: mkono, kanuni ya neno refu kwanza, na kanuni ya uzito inayotokana na marudio ya maneno. Nitazilinganisha kwa mstari huo huo mmoja, kwa sababu umebeba karibu kila mtego ambao Kiswahili humtegea mkataji.

Nianze na njia ya mkono, ambayo Kiswahili huipa msaada ambao Kiingereza hakiwezi kuupata. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Mstari wetu una herufi 46, kwa hiyo kuna mianya 45 ambamo nafasi ingeweza kuingia. Lakini ukikubali kukata baada ya irabu peke yake, mianya hiyo hupungua hadi 21, na tisa kati yake ndiyo ya kweli. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya nafasi za mkato zina mkato wa kweli, na jicho lililozoea lugha huzichambua kwa urahisi. Zinazoivunja kanuni hii ni majina ya watu na ya mahali kama Daniel na Dar es Salaam, pamoja na vifupisho na maneno machache ya mkopo kama *maalum*. Hayo huyatafuta kwanza, huyatenga, kisha hurudi kwenye maneno ya kawaida.

Anayekata kwa mkono afanye kazi kwa kusoma kwa sauti na kwa kushika maneno mafupi ya kuunganisha kwanza, yaani *ya*, *wa*, *na*, *kwa*, *ni*, kwa kuwa ndiyo yanayotenganisha vipande vikubwa. Kosa lake kubwa si la ujinga wa lugha bali la uchovu. Baada ya ukurasa wa pili jicho huanza kusoma maana na kuacha kuziona herufi, na maneno kama "kwasababu" hupita bila kukatwa kwa sababu msomaji anayaelewa yalivyo. Zaidi ya hapo, mkono hufuta herufi bila kukusudia. Kwa hiyo, ukimaliza, ondoa nafasi zote katika nakala uliyoikata na uilinganishe na ile ya awali: herufi lazima zilingane moja baada ya nyingine, na pale zinapotofautiana ndipo mkono wako ulipoteleza.

Kwa maandishi ya nusu ukurasa au chini ya hapo, sioni sababu ya kutumia njia nyingine yoyote. Kuandaa orodha ya maneno kwa ajili ya mashine huchukua muda mrefu kuliko kuukata ujumbe wa aya mbili.

Njia ya pili ni ile inayomjia haraka kila anayejua kuandika programu kidogo. Unakuwa na orodha ya maneno, unaanzia kushoto, unatafuta neno refu kuliko yote linalolingana na mwanzo wa mstari, unalikata, kisha unaendelea na kilichobaki. Ni njia nyepesi, haihitaji hesabu, na katika mstari wetu huanza vizuri sana: *kila*, *mwanachama*, *ana*, *haki*, *ya*. Kisha hufika mahali penye "kukopanakulipa" na huangukia shimoni. Neno refu linaloanzia hapo si *kukopa* bali *kukopana*, ambalo ni neno halali kabisa, na kilichobaki, *kulipa*, nacho ni neno halali. Mashine haioni dosari yoyote. Katiba yetu sasa inampa mwanachama haki ya kukopana, yaani wanachama kukopeshana wao kwa wao, jambo ambalo mkutano ulikuwa umelikataa waziwazi.

Hili si tukio la bahati mbaya. Kitenzi chochote kinachoishia kwa *-a* na kukubali mnyambuliko wa kutendana kitaumeza kiunganishi *na* kinachokifuata: "waliongea na mwenyekiti" huwa "waliongeana mwenyekiti" iwapo orodha inalo neno hilo, na "kusaidia na kushauri" huwa "kusaidiana kushauri". Kwa kuwa *na* ni miongoni mwa maneno yanayorudiwa sana katika Kiswahili, kanuni ya neno refu kwanza itakosea mara nyingi mahali pale pale, na kosa lake litasomeka kama sentensi nzuri.

Nikadhani kwamba kuanzia kulia kungeponya. Mwisho wa mstari ulitoka sawa: *wakati*, kisha *kwa*. Baada ya hapo neno refu linaloishia kwenye "kukopanakulipa" likawa *nakulipa*, kama vile katibu anamwambia mtu "nakulipa", halafu *kukopa*, *ya*, *haki*. Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo sikulitarajia. Kipande kilichobaki kilikuwa "kilamwanachamaana", na ukikiangalia kutoka kulia, neno refu linaloishia hapo ni *maana*. Likikatwa hilo, hubaki "kilamwanacha", ambalo hutoa *cha*, kisha *mwana*, kisha *kila*. Matokeo kamili yakawa haya:

```
kila mwana cha maana haki ya kukopa nakulipa kwa wakati
```

Kila neno katika mstari huo ni neno halali la Kiswahili, na mstari wenyewe hauna maana. Kushoto kumekosea mahali pamoja, kulia kumekosea mahali pawili, na hakuna upande uliopata "kukopa na kulipa". Hata hivyo, kuendesha pande zote mbili kuna faida moja ambayo sitaki kuidharau: pale zinapotofautiana ndipo penye shaka, na pale zinapokubaliana mara nyingi pako salama. Mtu asiye na takwimu za marudio, aliye na orodha ya maneno tu, anaweza kukata kwa pande zote mbili, akapaka rangi sehemu zinazopishana, na kuzisoma hizo peke yake kwa macho.

Lakini orodha yenyewe itoke wapi? Kamusi ya kawaida haifai. Kamusi huorodhesha *kopa* na *lipa*, ilhali maandishi yana *tutakapolipa*, *hawajakopeshwa*, *atakayechelewa*. Kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha urejeshi na cha mtendwa, na maumbo yanayoweza kuzaliwa kwa shina moja ni mengi mno kuyaandika kwa mkono. Ukijaribu kuitatua shida hii kwa kuiruhusu mashine kuunda maumbo yote yanayowezekana, utafungua mlango mwingine wa makosa, kwa sababu "ilikulipa" itakubalika kama neno moja la *i-li-ku-lipa*, ilhali katibu alimaanisha "ili kulipa". Ndivyo ilivyo pia kwa "ilikuwa" na "ili kuwa". Kwa hiyo orodha inayofaa ni ile ya maumbo ambayo watu wameyaandika kweli, na njia ya tatu huanzia hapo hapo.

Njia hii hailiulizi neno kama lipo tu. Huliuliza linaonekana mara ngapi. Kila neno hupewa gharama: linalorudiwa sana lina gharama ndogo, la nadra lina gharama kubwa. Mashine hupima mikato yote inayowezekana na kuchagua ule ambao jumla ya gharama zake ni ndogo kuliko zote. Gharama hiyo ni logi ya uwiano wa marudio, ikigeuzwa alama yake ili iwe chanya.

Tuchukue mfano wa maandishi ya maneno 100,000 ambamo *na* limeonekana mara 4,000, *kukopa* mara 60, *kulipa* mara 50, *kukopana* mara 2, na *nakulipa* mara 1. Kwa logi ya msingi wa 10, gharama ya *na* ni 1.40, ya *kukopa* 3.22, ya *kulipa* 3.30, ya *kukopana* 4.70, na ya *nakulipa* 5.00. Sasa jumlisha. "Kukopa na kulipa" ni 7.92. "Kukopana kulipa" ni 8.00. "Kukopa nakulipa" ni 8.22. Mkato sahihi umeshinda.

Tazama, hata hivyo, umeshinda kwa kiasi gani. Tofauti ni 0.08 tu. Kama *kukopana* lingeonekana mara tatu badala ya mbili, gharama yake ingeshuka hadi 4.52, jumla ya mkato wenye kosa ingekuwa 7.82, na mashine ingeandika "kukopana kulipa" bila kusita. Sababu yake inaeleweka kwa hesabu rahisi: kila neno la ziada huongeza gharama, na kuliongeza *na* lenye uwiano wa asilimia 4 ni sawa na kugawanya kwa 25. Kwa hiyo *kukopa* lazima lirudiwe zaidi ya mara 25 ya *kukopana* ndipo mkato wenye *na* ushinde. Kwa kikundi kinachozungumzia mikopo ya wanachama wenyewe kwa wenyewe, uwiano huo si wa uhakika hata kidogo.

Mahali pengine njia hii haina mpinzani. Lile neno *maana* lililojificha ndani ya "mwanachamaana" halikuisumbua. Katika mfano wetu, tuseme *mwanachama* limeonekana mara 300 na *ana* mara 200: jumla ni 5.22. Upande wa pili, *mwana* likiwa na mara 50, *cha* mara 1,500 na *maana* mara 60, jumla ni 8.35. Hapo hakuna ubishi. Vivyo hivyo kwa "wakatiwamvua": kanuni ya neno refu ingeweza kukamata *wakatiwa*, kama wanaokatiwa umeme, lakini *wakati* na *wa* ni ya kawaida mno kiasi kwamba mkato wa kweli hushinda kwa mbali.

Programu yenyewe ni fupi. Sehemu ya kwanza huhesabu maneno ya maandishi yako ya zamani, yaliyochapwa kabla kitufe hakijaharibika, na sehemu ya pili hukata:

```python
import math, re
from collections import Counter

matini = open("zamani.txt").read().lower()
idadi = Counter(re.findall(r"[a-z']+", matini))
jumla = sum(idadi.values())

def kata(s):
    bora = [(0.0, 0)]
    for i in range(1, len(s) + 1):
        chaguo = []
        for j in range(max(0, i - 24), i):
            neno = s[j:i]
            if idadi[neno] and len(neno) > 1:
                g = -math.log10(idadi[neno] / jumla)
            else:
                g = 4 + len(neno)
            chaguo.append((bora[j][0] + g, j))
        bora.append(min(chaguo))
    maneno, i = [], len(s)
    while i > 0:
        j = bora[i][1]
        maneno.append(s[j:i])
        i = j
    return " ".join(reversed(maneno))
```

Namba 24 ni urefu wa juu wa neno linalotafutwa, na unatosha kwa vitenzi virefu vya kawaida. Mstari wenye `4 + len(neno)` ndio unaoshughulikia neno lisilo kwenye orodha: kadiri lilivyo refu, ndivyo linavyogharimu zaidi, ili mashine isiimeze sentensi nzima kama neno moja geni. Sharti la `len(neno) > 1` nililiongeza baada ya kuumia. Mihtasari yangu ya zamani ilikuwa na vifungu vilivyopewa alama (a), (b), (c), na programu ikazihesabu herufi hizo kama maneno, kisha ikaanza kubandua herufi ya kwanza ya kila neno gumu. Kiswahili cha kawaida cha maandishi ya kikundi hakihitaji neno la herufi moja, isipokuwa katika semi kama "u hali gani", ambazo hazimo katika katiba.

Kabla ya kuita `kata`, gawanya mstari kila palipo na nukta, koma, tarakimu au nafasi iliyosalia, kwa kuwa hiyo ni mipaka ya hakika: "shilingi50000kwamwezi" inajikata yenyewe pande zote mbili za tarakimu. Badilisha herufi kubwa kuwa ndogo kwa ajili ya kutafuta, lakini tunza nakala ya awali uweze kuzirudisha.

Wasiotaka kuandika programu yao hupenda maktaba ya Python iitwayo `wordninja`. Nayo hutumia gharama, ila orodha inayokuja nayo ni ya Kiingereza, na ukiipa Kiswahili itakurudishia vipande vipande. Unaweza kuipa orodha yako kwa `wordninja.LanguageModel('maneno.txt.gz')`, faili lenye neno moja kila mstari, kuanzia linalotumika zaidi. Fahamu kwamba haiangalii idadi ya marudio bali nafasi ya neno katika orodha, kwa hiyo mpangilio ndio kila kitu. Fahamu pia kwamba isipoweza kulifunika jina geni kwa maneno iliyo nayo, sehemu kubwa ya mstari huweza kusambaratika kuwa herufi mojamoja. Ukiliona hilo, ongeza herufi zote za alfabeti mwishoni mwa orodha, nalo jina tu ndilo litakalovunjika.

Majina yanastahili uangalifu hata katika programu yangu. Mwanaidi, Mwanajuma na Mwanahamisi yatakatwa kuwa *mwana idi*, *mwana juma* na *mwana hamisi*, kwa kuwa vipande vyote viwili vya kila jina hujulikana. Dawa ni kuyaingiza majina ya wanachama wote kwenye `idadi`, kila moja kwa mara 20 hivi, kabla ya kukata.

Chanzo cha maneno nacho kinaweza kuiharibu njia hii. Nilijaribu kuongeza maneno kutoka mazungumzo ya simu ya kikundi, nikidhani wingi utasaidia, na matokeo yakawa mabaya zaidi. Watu wengi huandika "kwasababu", "nahuyu" na "yakwake" wanapoharakisha, na mashine ikajifunza kwamba hayo ni maneno ya kweli. Maandishi yaliyohaririwa, hata kama ni machache, ni bora. Wikipedia ya Kiswahili inapatikana bure na ina maumbo mengi ya vitenzi, lakini lugha yake ni ya maelezo na si ya mikopo na marejesho. Mimi niliitumia kujazia tu, huku mihtasari yetu wenyewe ikihesabiwa mara tatu.

Wapo wanaopendekeza kwenda mbele zaidi, kuhesabu jozi za maneno badala ya neno mojamoja, ili "na kulipa" isaidie kuishinda "kukopana kulipa". Wazo ni sahihi, na kwa maandishi ya mamilioni ya maneno ningelifuata. Kwa maneno 100,000, jozi nyingi zilizo sahihi kabisa hazijawahi kuonekana hata mara moja, na mashine hurudi kubahatisha. Kwa kiasi hicho naona ni afadhali kubaki na neno mojamoja, kisha kuitoa orodha ya kila mahali ambapo mashine imekata neno linaloishia na *-ana*, pamoja na kila neno linaloanza na *naku-* au *iliku-*, na kuyasoma hayo kwa macho. Katika kurasa zangu sita orodha hiyo ilijaa nusu ukurasa tu.

Hali ni tofauti kwa maandishi ya simu, ambako kitufe hakijafa bali kidole gumba kimekikosa. Hapo mara nyingi nafasi haipotei tu, bali hugeuka kuwa herufi ya safu iliyo juu yake: c, v, b, n au m. "Nitakujabkesho" na "fedhavzetu" hutambulika papo hapo, kwa kuwa Kiswahili hakina *bk* wala *vz*. Zinazosumbua ni n na m, ambazo hukubalika mbele ya konsonanti nyingine. Programu ya kukata haitaliona kosa hilo, kwa sababu inaamini kila herufi ni ya kweli. Ujumbe wa namna hiyo ukate kwa mkono.

Usichague njia kabla ya kuipima kwa maandishi yako. Chukua mistari 20 ya muhtasari wa zamani ambayo haikuingia kwenye hesabu ya maneno, iondolee nafasi, ikate kwa njia unayoifikiria, kisha hesabu mikato iliyokosewa kwa kulinganisha na ya awali. Kwangu, neno refu kwanza lilikosea karibu kila mstari wenye *na*, ilhali uzito wa marudio ulikosea mistari minne, mitatu kati yake ikiwa na majina ambayo sikuwa nimeyaingiza. Nilikata katiba kwa njia hiyo, nikasoma orodha ya *-ana*, kisha nikampelekea mwenyekiti vifungu vitatu ambavyo hata kwa macho vilikubali maana mbili, naye akavisoma kutoka kwenye karatasi ya awali kwa simu, neno kwa neno.